Kabla Hujaitoa Orodha Yako: Usaili wa Wakala wa Bima Anayelipwa Kamisheni Tu

Tangazo husema kampuni inahitaji washauri wa fedha ishirini kwa haraka, uzoefu si lazima, kipato hakina kikomo. Mshahara hautajwi. Ukipiga simu unaambiwa njoo Jumatatu saa tatu asubuhi, vaa nadhifu, na uje na orodha ya watu mia moja unaowafahamu pamoja na namba zao za simu. Wengi huishughulikia suti na kuisahau orodha, wakaijaza usiku wa Jumapili kwa kunakili kila jina lililomo kwenye simu. Usaili wenyewe uko hapo penye orodha. Maswali mengine, kuanzia udhaifu wako ni upi hadi miaka mitano ijayo utakuwa wapi, huulizwa kwa mazoea.

Nimekaa upande ule wa meza kwa muda wa kutosha kujua kinachotafutwa, na nitazungumzia Kenya, hasa Mombasa, kwa kuwa ndiko ninakokujua. Meneja anayekuhoji mara nyingi naye halipwi mshahara mkubwa. Hupata mgao juu ya kila mkataba unaouzwa na watu wa timu yake, na wakala mpya asiyelipwa mshahara hamgharimu chochote. Akiajiri ishirini na kumi na watano wakaacha kabla ya mwaka kwisha, mikataba waliyowauzia mama zao, shemeji zao na wanachama wenzao wa chama itakuwa imeshaingia kwenye vitabu vya timu. Simwiti mwovu kwa hilo. Ila unapoketi mbele yake ujue kwamba hana sababu ya kukukataa, hivyo kuchaguliwa kwako hakuthibitishi kwamba kazi hiyo itakulisha. Uamuzi wa kama itakulisha ni wako, na unahitaji hesabu.

Anza na hali yako kisheria. Wakala wa kamisheni si mwajiriwa. Amejiajiri, akiwa na mkataba wa uwakala. Hana likizo ya kulipwa, hana mwajiri wa kumchangia NSSF, na ada ya SHA huilipa mwenyewe. Kamisheni yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijamfikia. Lazima apite mtihani wa cheti cha umahiri, ule unaojulikana kwa jina la COP, na awe na leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima, ambayo huihuisha kila mwaka. Kampuni isiyokuuliza habari za COP wala leseni, ikakutaka utoke kesho ukauze, huenda ina mpango wa kuiandikisha biashara yako kwa jina la mwingine. Hapo ondoka.

Sasa hesabu. Tuchukue bima ya elimu ya mtoto, ambayo mzazi huilipia shilingi 3,000 kila mwezi kwa miaka kadhaa. Tuseme jedwali la kamisheni linakupa asilimia 30 ya kila malipo ya mwaka wa kwanza. Kiwango cha kwako kitakuwa tofauti, kwa hiyo omba jedwali lenyewe, usikubali kutajiwa kwa mdomo. Kwa mfano wetu kila mkataba unakuletea shilingi 900 kwa mwezi, almuradi mteja analipa. Tuseme pia wewe ni mchapakazi na unafunga mikataba minne kila mwezi bila kukosa. Kwa mtu mpya hiyo si kazi ndogo.

Mwezi wa kwanza una mikataba minne: shilingi 3,600, na baada ya kodi 3,240. Mwezi wa pili una minane, na wa tatu una kumi na miwili. Hapa ndipo meneja anapoichora ile ngazi yake ubaoni, inapanda tu. Asichokichora ni mteja anayeacha. Tuseme katika kila wateja wanne, mmoja anakoma baada ya malipo ya tatu. Basi mwezi wa nne huna mikataba kumi na sita hai, una kumi na mitano, na mwezi wa sita una ishirini na mmoja badala ya ishirini na minne. Mkononi mwezi huo wa sita unapata shilingi 17,010. Ukijumlisha miezi yote sita, umepata 63,180.

Toa gharama. Nauli ya matatu na bodaboda, bando la simu, chai ya mteja aliyekuweka ukimsubiri saa mbili, kuchapisha fomu: nikisema shilingi 400 kila siku, kwa siku za kazi 22, nakuonea huruma. Hizo ni 8,800 kwa mwezi, 52,800 kwa miezi sita. Unabakiwa na shilingi 10,380 kwa nusu mwaka mzima. Kama nyumbani panahitajika 20,000 kwa mwezi kwa kodi, unga na karo, umepungukiwa na takriban shilingi 110,000. Hicho ndicho kiasi cha akiba, au cha mshahara wa mwenzio, kinachotakiwa kiwepo kabla hujatia saini.

Mfano huo umedhani kwamba kamisheni hulipwa mwezi uleule. Aghalabu fomu hupelekwa makao makuu, hukaguliwa, malipo ya kwanza ya mteja huthibitishwa, kisha kamisheni huingia mwezi unaofuata. Usogeze mfano wetu mwezi mmoja tu: katika miezi sita utakuwa umepokea 46,170, nawe umetumia 52,800. Umefanya kazi nusu mwaka na umeilipa kampuni shilingi 6,630 kwa heshima hiyo. Kwa hiyo swali la tarehe ya malipo, linaloonekana dogo na hata la aibu kuuliza, ndilo linaloamua kama utamaliza mwaka.

Liko jambo lingine linalowaangusha wengi, nalo huja likiwa limevaa sura ya wema. Baadhi ya kampuni hukulipa mapema kamisheni ya mwaka mzima mara mteja anapoanza. Kwa mkataba wetu wa 3,000 utapewa 10,800 kwa mkupuo, na utajiona umeula. Mteja akiacha baada ya miezi mitatu, ulichostahili ni 2,700, na zile 8,100 zilizobaki zitakatwa kwenye kamisheni zako zijazo. Nimeona mawakala wenye mauzo mazuri kabisa wakipokea karatasi ya malipo inayosoma sifuri, na wengine wakidaiwa na kampuni waliyoihama. Uliza kwa maneno mepesi: "Mteja akiacha kulipa mwezi wa nne, mimi nakatwa nini, na kwa muda gani?" Uliza vivyo hivyo kuhusu posho ya miezi ya kwanza, ikiwa wanaitoa. Posho inayokuja kukatwa kwenye kamisheni baadaye ni mkopo, na uiingize kwenye hesabu kama mkopo.

Maswali mengine mawili yanatosha. La kwanza: "Walioingia kwenye timu hii mwezi kama huu mwaka jana walikuwa wangapi, na wangapi kati yao bado wanaandika biashara?" Meneja atataka kukutajia bingwa wa timu, yule mwenye gari jipya na picha ukutani. Msikilize, halafu lirudie swali lako. Ikiwezekana omba kuonyeshwa karatasi ya kamisheni ya wakala wa kawaida wa mwaka mmoja, jina likiwa limefunikwa. Anayejibu kwa namba, hata mbaya, ni mtu wa kufanya naye kazi. La pili ni hili: ukiondoka, kamisheni za wateja wako wanaoendelea kulipa zinabaki za nani? Katika mikataba mingine hubaki zako ukishatimiza muda fulani, katika mingine hukatika siku ile ile, na meneja akazirithi.

Tugeukie orodha. Meneja anaposema "Una watu wangapi?", jibu la wengi ni kwamba najulikana sana mtaani, nina namba elfu mbili, nimo katika vikundi kumi na vitano vya WhatsApp. Kwa mwenye uzoefu, jibu hilo humaanisha kwamba mtu huyu hajawahi kuketi na kuwachambua watu wake. Kujulikana hakuna uhusiano mkubwa na kununuliwa. Mtu anayekufahamu kwa sababu mlisoma pamoja Tononoka anaweza kukusalimia kwa furaha kila Ijumaa na asikuamini hata na shilingi mia mbili.

Nitaeleza jinsi inavyofanywa kwa mfano wa kijana aliyeuza vipuri vya magari Changamwe kwa miaka sita, anayetaka kuingia kwenye bima ya magari. Kwenye simu ana namba 340 za wateja wa duka. Anaanza kwa kuzichuja. Anaondoa kwanza waliokuja mara moja wakapita. Anaondoa madereva na mafundi ambao gari si lao, ingawa hao anawaweka kando kwa sababu watamwelekeza kwa wenye gari. Wanabaki 90 ambao akipiga simu watapokea na kumtaja kwa jina. Katika hao, 38 wana gari la thamani ya kutosha kukatiwa bima kubwa, ile inayomlinda hata mwenye gari, mbali na ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari barabarani awe nayo.

Halafu anafanya kazi ambayo wenziwe hawaifanyi. Kabla ya usaili anawapigia hao 38, na hauzi kitu. Anauliza jambo moja: "Mzee, bima ya ile Probox yako inaisha mwezi gani?" Wengi wataangalia stika na kumwambia. Anayejibu anamwuliza tena kama atakubali kuletewa bei nyingine wiki tatu kabla ya tarehe hiyo, alinganishe tu. Tuseme anapata mwezi wa kuisha kwa magari 26, na wenye magari 12 wanakubali kuletewa bei. Hiyo ndiyo orodha. Inaenea kwenye ukurasa mmoja, na haina jina la mtu wala namba ya simu: mwezi, aina ya gari, thamani ya kukisia, anayo bima ya aina gani sasa, amekubali au hajakubali.

Kwenye usaili karatasi hiyo inafanya kazi kuliko cheti chochote. Meneja anaona papo hapo kwamba mbele yake kuna mtu anayejua kuwa bima ya gari huuzwa kwa kalenda. Mtu ambaye bima yake inaisha Novemba hana haja nawe mwezi wa Machi, hata mpendane vipi. Akitaka ushahidi zaidi, mwambie kuna wateja watatu waliokubali kupigiwa simu kuthibitisha kwamba wanakufahamu na wanafanya biashara nawe, na uwe kweli umewaomba ruhusa. Umoja wa madereva, SACCO ya matatu, shule binafsi yenye mabasi mawili, duka la jumla Kongowea: kama una mlango wa kuingilia mahali kama hapo, taja ni nani anayetoa uamuzi na lini mlizungumza mara ya mwisho. "Namjua mwenyekiti" ni maneno ya kila mtu.

Akisisitiza umwachie majina na namba, mkatalie kwa adabu. "Meneja, hawa hawajaniruhusu kutoa namba zao. Siku nikiwa na leseni na barua ya uwakala nitawaleta mmoja mmoja." Una sababu mbili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kugawa namba za watu bila idhini yao kwa ajili ya biashara ni kuwaingiza, na kujiingiza, mahali pabaya. Sababu ya pili ni ya tumbo: orodha ndiyo mtaji pekee unaouleta mezani. Ukiiacha hapo na usiajiriwe, au ukaajiriwa na kuacha baada ya mwezi, itapigiwa simu na mwingine. Kuna ofisi zinazoendesha usaili kila wiki na haziajiri watu wengi kihivyo. Jiulize wanakula nini.

Sasa karatasi hiyohiyo uisome kwa ajili yako mwenyewe. Gari la thamani ya shilingi milioni moja, likikatiwa bima kubwa kwa asilimia 4, linalipiwa 40,000. Kamisheni ya bima ya gari ni asilimia 10, yaani 4,000, na baada ya kodi ya zuio ni 3,600. Uzuri wake ni kwamba mteja akilipa ada yote mara moja, hofu ya kuacha mwezi wa tatu haipo, na mwakani atahuisha, nawe utalipwa tena. Ubaya wake ni kwamba hakuna kingine kutoka kwake hadi mwakani. Kijana wetu akihitaji 20,000 za nyumbani na 8,800 za njiani, anahitaji magari manane kila mwezi. Wote 38 wakinunua, jambo ambalo halitokei, amepata 136,800, chini ya miezi mitano ya mahitaji yake. Wakinunua nusu ya wale 12 waliokubali kuletewa bei, amepata 21,600. Hazijamfikisha hata mwisho wa mwezi mmoja.

Kwa hiyo ana mtandao wa kweli, ana karatasi nzuri kuliko wagombea wenzake wote, na bado hapaswi kuliacha duka. Ninachomshauri ni kuchukua COP na leseni, aombe uwakala wa bima ya magari usiomfunga kwenye ofisi kila asubuhi, aendelee kuuza vipuri, na ahesabu magari anayofunga kwa mwaka mmoja. Duka lenyewe ndilo linalomletea wenye magari wapya kila siku. Akiliacha amekata bomba la wateja wake kwa mkono wake. Kwenye usaili amwulize meneja wazi kama mkataba unamruhusu kuwa na kazi nyingine, na kama unamfunga kuuza bidhaa za kampuni moja tu.

Naona nirudi kidogo kwa ndugu na jamaa, maana ndiko orodha nyingi zinakoanzia na kuishia. Shangazi atanunua. Atanunua kwa sababu umevaa tai na hataki kukuvunja moyo, na kwa sababu hiyohiyo ataacha kulipa baada ya mwezi wa tatu, akiona aibu kukwambia. Yule mteja mmoja kati ya wanne niliyemhesabu huko juu, mara nyingi ni yeye. Ukiwa umelipwa kamisheni ya mwaka mzima mapema, huruma ya shangazi itakukata shilingi 8,100 mwezi wa nne. Unapochambua orodha ya bima ya maisha jiulize jambo moja kwa kila jina: mtu huyu angenunua kitu hiki kwa mgeni? Asiyepita hapo mtoe kwenye hesabu ya kipato, hata kama utamtembelea.

Na kwa sisi wa Pwani, lipo jambo ambalo meneja aliyetumwa kutoka Nairobi huenda asilijue. Kama watu wako wengi ni wa Mji wa Kale, Majengo au Bondeni, wengi wao watakuuliza kabla ya kuuliza bei kama mpango wako unafuata sharia au una riba. Bima ya gari ya mtu wa tatu watakata kwa kuwa sheria ya nchi inalazimisha. Mpango wa kuweka akiba wenye faida iliyoahidiwa hawatauchukua hata ukiwapigia magoti. Mtandao wa watu mia mbili ni sifuri mbele ya bidhaa wasiyoweza kuinunua. Uliza mapema kama kampuni ina takaful. Kama haina, na wateja wako ndio hao, uko mlango usio wako. Kampuni za takaful zipo nchini, nenda kwao ukiwa na karatasi yako ileile.

Siku ya usaili yenyewe huenda ukapewa mkataba utie saini pale pale, kwa maelezo kwamba mafunzo yanaanza kesho na nafasi zimebaki mbili. Uombe uende nao nyumbani kwa siku mbili. Usome kipengele cha kamisheni kurudishwa, cha kiwango cha chini cha mauzo ambacho usipokifikia uwakala unakufa, na cha haki zako ukiondoka. Angalia kama kuna pesa wanayotaka uwalipe, iwe ya mafunzo au ya sare. Ada ya mtihani na ya leseni zina mahali pake maalumu pa kulipiwa, wala haziingii kwenye simu ya meneja. Halafu weka pembeni yake hesabu yako ya miezi sita, kwa viwango vya jedwali walilokupa.

Hesabu ikionyesha upungufu ambao akiba yako haiwezi kuuziba, usitie saini, hata kama umempenda meneja na ofisi ina kiyoyozi. Mwambie utarudi ukiwa na magari ishirini badala ya kumi na mawili. Kama ni meneja anayejua kazi yake, atakusubiri.